Picha ya sura uliyoihariri: nini kibaki ndani ya faili, nini kitoke

Mpiga picha mmoja wa studio ameniandikia wiki hii akiwa na uchungu. Alimpiga dada mmoja picha ya wasifu wa kazi, akaisafisha vizuri, kisha akamtumia kwa WhatsApp kama Document ili ubora usishuke. Ndugu wa mteja akaifungua faili kwenye kompyuta, akapekua maelezo yake, na humo akakuta maneno ambayo mpiga picha alikuwa ameyaandika kuitaja maski yake ya Lightroom: "kovu shavu la kushoto". Mteja akaona ameaibishwa. Mwenzetu anauliza: tangu sasa nifute kila kitu kabla ya kutuma?

Jibu langu ni hapana. Anayefuta kila kitu hufuta pia jina lake, na mara nyingi huiharibu hata rangi ya ngozi aliyoihangaikia saa nzima, kama nitakavyoonyesha. Kwanza ijulikane ni kitu gani hasa kilichomponza.

Ndani ya JPEG moja mna maandishi ya aina kadhaa yaliyolala pamoja. Yapo yanayoandikwa na kamera, yaani EXIF: tarehe, lenzi, mara nyingi namba ya kamera, na kama ni simu, mahali picha ilipopigwa. Yapo unayoyaandika wewe, yaani IPTC: jina lako, haki zako, namna ya kukupata. Halafu ipo XMP, na humu ndimo historia ya uhariri inamokaa. Lightroom ikitoa picha kwa chaguo la All Metadata, huandika humo mipangilio yote ya uhariri kwa majina yanayoanza na crs: kiasi ulicholainisha ngozi kwa Texture, mwanga ulioongeza, na majina ya maski kama ulivyoyaandika. Hapo ndipo kovu lilipotokea. WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huibana na kuyatupa maelezo hayo. Ikituma kama Document haigusi chochote. Njia tunayoipenda kwa sababu ya ubora ndiyo hiyo hiyo inayosafirisha siri zote.

Photoshop ina tabia nyingine. Kwa kawaida huandika tu kwamba faili ilihifadhiwa, saa ngapi, na kwa toleo gani la programu. Haisemi ulifanya nini. Mfano unaojulikana ni picha ya Binti Mfalme wa Wales na watoto wake iliyotolewa na Kensington Palace tarehe 10 Machi 2024. Waandishi waliopekua metadata yake, yaani maelezo hayo ya ndani ya faili, walikuta kwamba ilihifadhiwa mara mbili kwa Photoshop, tarehe 8 na tarehe 9 Machi. Basi. Sehemu zilizoguswa hazikuandikwa popote. Watu waliziona kwa macho, hasa kwenye mkono wa sweta la binti yake, na mashirika ya habari, AP, AFP na Reuters yakiwemo, yakaiondoa picha hiyo siku ile ile. Kuna funzo la pande mbili humo. Historia nusu huwapa watu sababu ya kushuku bila kuwapa jibu. Na kama ingefutwa, mkono wa sweta ungebaki vile vile.

Lakini Photoshop inaweza kuandika kila hatua ikiwa wewe mwenyewe, au aliyeitumia kompyuta hiyo kabla yako, aliwasha History Log kwenye Preferences na kuchagua Metadata pamoja na Detailed. Nenda ukaangalie leo. Wapo wanaoitumia kompyuta ya ofisi miaka miwili bila kujua imewashwa, na kila faili waliyomkabidhi mteja imebeba orodha ya kila brashi iliyopita usoni pake.

Sasa tuje kwenye ithibati za maudhui, ambazo kwenye skrini utazikuta kwa jina la Content Credentials na alama ya CR. Hizi ni kitu tofauti kabisa na XMP, na kuzichanganya ndiko kunakoleta ushauri mbovu. Mfumo wake unaitwa C2PA, ulioanzishwa mwaka 2021 na Adobe, Arm, BBC, Intel, Microsoft na Truepic. XMP ni maandishi ambayo yeyote anaweza kuyabadili. Ithibati ni taarifa iliyotiwa saini ya kidijitali na kufungwa kwenye faili kwa hesabu inayopigwa juu ya data yake yenyewe. Ukibadili hata baiti chache baada ya saini, hesabu haikubali tena, na anayekagua ataambiwa faili imeguswa. Kubadili jina la faili hakuna madhara. Kuifungua, kuizungusha na kuihifadhi upya kunavunja.

Upande wa historia, ithibati za Photoshop ni za staha zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Haziorodheshi kila mguso. Hutaja makundi ya kazi, kwa mfano kwamba rangi zilirekebishwa, ukubwa ulibadilishwa, au picha nyingine iliingizwa. Neno "kovu" halitaingia humo. Kinachoingia, na ambacho nataka ukikumbuke kuliko yote niliyoandika hapa, ni vijipicha. Taarifa hiyo huweza kubeba kijipicha cha kila picha uliyoanza nayo au uliyoingiza, ili mkaguzi alinganishe kabla na baada. Ukiwa na picha ya mandhari, hilo ni jambo zuri. Ukiwa na uso wa mteja aliyekulipa ili chunusi zisionekane, umemkabidhi picha safi yenye picha yake ya awali ndani. Kijipicha ni kidogo, lakini sura hutambulika.

Kwa hiyo uamuzi unategemea picha inakwenda wapi. Picha ya habari, ya mashindano au ya ushahidi: acha historia, ambatanisha ithibati, na tunza faili ghafi ya kamera, maana World Press Photo, kwa mfano, hudai faili za awali kwa picha zinazofika hatua za mwisho. Picha ya mteja binafsi: baki na jina lako na haki zako, toa mipangilio ya uhariri, toa mahali na namba ya kamera. Ithibati uiambatanishe tu baada ya kumwonyesha mteja vijipicha vilivyomo na yeye kukubali. Uso ni wake, si wako, hata kama hakimiliki ni yako. Katika hili silegezi msimamo.

Tuifanye kazi ya yule dada upya, kwa mpangilio sahihi. Kwenye Lightroom, maski ziitwe majina yasiyosema kitu, A na B zinatosha. Kama picha haipiti Photoshop, wakati wa Export chagua Copyright & Contact Info Only. Kama inapita, amua kuhusu ithibati kabla ya kuanza, kwa sababu Photoshop hurekodi kuanzia pale ulipoiwasha tu. Kazi ya kabla yake haimo. Ukimaliza, usitumie Save As kwa nakala ya mteja, maana hubeba XMP yote. Tumia Export As, weka tiki kwenye Convert to sRGB na Embed Color Profile, kwenye Metadata chagua Copyright and Contact Info, na kwenye Content Credentials chagua kuambatanisha au kutoambatanisha. Kuna chaguo la kuchapisha kwenye wingu la Adobe pia. Ukilichagua, kufuta ithibati ndani ya faili hakuifuti ile ya mtandaoni, na mkaguzi anaweza kuipata kwa kulinganisha picha yenyewe.

Kisha kagua kabla ya kutuma. Kwa maelezo ya kawaida, tumia exiftool, programu inayoendeshwa kwa kuandika amri kwenye kompyuta. Kwa ithibati, c2patool, ambayo itakutolea na vijipicha kwenye folda uvione kwa macho yako:

```
exiftool -a -G1 -s picha.jpg
c2patool picha.jpg --output ripoti
```

Kwenye orodha ya kwanza tafuta mistari ya XMP-crs, GPS na SerialNumber. Isiwepo hata mmoja. Artist, Creator au Copyright lazima ziwepo. Asiyependa amri aipakie picha kwenye contentcredentials.org/verify, ataona ithibati tu, si XMP.

Na kama faili tayari imejaa uchafu na huna ya awali? Hapa ndipo watu huandika exiftool -all= wakadhani wamemaliza. Amri hiyo hung'oa pia wasifu wa rangi na alama ya mwelekeo. Picha iliyokuwa Adobe RGB husomwa kama sRGB, na ngozi ya mtu inafifia na kuwa ya kijivu; picha ya wima inalala ubavu. Rudisha vinavyohitajika hapo hapo:

```
exiftool -all= -tagsfromfile @ -Orientation -icc_profile -Artist -Copyright -XMP-dc:Creator -XMP-dc:Rights picha.jpg
```

Amri hii isiiguse faili yenye ithibati unayotaka kuibakiza. Saini huja mwisho; usafi wowote ufanyike kabla yake.

Jambo moja kuhusu mitandao ya kijamii. Watu hujifariji kwamba Instagram inafuta metadata yenyewe. Mtazamaji kweli haioni, lakini mtandao huisoma wakati wa kupokea. Mwaka 2024 wapiga picha wengi walilalamika picha zao halisi kupewa lebo ya Made with AI, wengine kwa sababu ya usafi mdogo uliofanywa kwa zana ya Photoshop inayobuni pikseli, na Meta ikalibadili jina kuwa AI info Julai mwaka huo. Kama hutaki lebo, usifute baada ya kazi alama ambayo zana hiyo huiandika ndani ya faili. Ondoa chunusi kwa Healing Brush ya kawaida au Clone Stamp, ambazo hunakili ngozi iliyopo, na alama hiyo haitaandikwa tangu mwanzo. Kuitumia zana inayobuni kisha kuficha ni udanganyifu kwa mteja na kwa mtazamaji, na sitakufundisha namna yake.

Kwa mwenzetu aliyeandika: mtumie dada faili mpya, mwombe aifute ile ya kwanza na amwombe ndugu yake aifute pia. Na kabla hujabana folda nzima na kuituma, angalia ndani yake. Exiftool huacha nakala ya zamani kando ya mpya, ikiitwa picha.jpg_original, na kovu bado limo humo.