“Pima kahawa” ni amri, si wasifu

*Shikamoo Mwalimu. Naandika wasifu wa kuombea kazi ya ukarani kwenye AMCOS ya kahawa huku Mbozi. Jamaa wa steshenari kaniambia kwenye vidoti nisijitaje, eti hata “ni” niitoe, ndivyo wanavyofanya wenye kujua. Sasa niandike “Nilipima”, “Kupima” au “Pima”? Na wakati uliopita unaandikwaje? — Msomaji, Vwawa*

Marahaba. Huyo jamaa wa steshenari kasikia kengele, hajui inalia wapi. Kanuni aliyokupa ipo, ila ni ya Kiingereza, na Kiingereza kina sababu zake. Jina lako liko juu ya ukurasa kwa herufi nene, na karatasi nzima inakuhusu wewe peke yako, kwa hiyo kuanza kila mstari na “mimi” ni kula nafasi bure na kumchosha msomaji jicho. Wenzetu wanaweza kukiondoa kiwakilishi kwa sababu kwao ni neno linalosimama peke yake. Kitenzi chao cha wakati uliopita, karibu vyote, hakibadiliki awe ni mimi, wewe au wale, hivyo ukikiondolea kiwakilishi kinabaki kizima na wakati wake umo ndani.

Chetu hakikatiki hivyo. *Nilipima* ni ni-li-pim-a: nafsi, wakati, mzizi, kiishio, vyote vimeshonwa pamoja. Toa *ni* ubaki na “lipima”, ambalo si neno. Ukishtuka ukatoa na *li*, unabaki na “Pima”, na hapo ndipo jamaa zetu wa steshenari wanapofika. Nimeushika kwa mikono yangu, pale Mwanjelwa, wasifu wa kijana mmoja ulioandikwa hivi: “Pima kahawa. Andika stakabadhi. Simamia vibarua sita.” Mwombaji kazi anamwamuru mwenyekiti wa chama cha ushirika akapime kahawa! Na akimaliza, aandike stakabadhi.

Kwa hiyo kinachodondoshwa kwa Kiswahili ni *mimi*, basi. *Ni-* ni kiambishi, hakina mkazo, jicho linakipita bila kukiona. Kiache.

“Kupima” nacho kinafaa, lakini ujue unachosema. *Ku-* haina nafsi wala wakati. Wakati unabebwa na tarehe unazoandika kwenye kichwa cha kazi: “Karani wa mizani, Mei–Septemba 2022”, na msomaji anajua yote yaliyo chini yake yamepita. Tatizo ni kwamba *ku-* ndiyo lugha ya tangazo la kazi. Soma lolote lililobandikwa ukutani: “Majukumu: kupima mazao, kutunza kumbukumbu.” Hayo ni mambo ambayo mtu *anatakiwa* kuyafanya. Ukiyahamishia kwenye wasifu umesema ulichotumwa, hujasema kama ulikifanya. Karani aliyekuwa akilala nyuma ya magunia naye jukumu lake lilikuwa “kupima kahawa”. Mimi ningeitumia *ku-* kwa mstari mmoja wa kueleza kazi ilikuwa ya namna gani, na ulichokifanya kweli nikakiandika kwa *nili-*.

Ila tatizo lako wewe si *ni*. Katika rasimu uliyoniambatanishia kuna mstari huu, na nimeshindwa kulala:

“Mimi niliweza kuhusika katika zoezi la upimaji wa kahawa ya wakulima.”

Tuufungue kama gunia. *Mimi* tumeshalitupa. Linafuata *niliweza*, ugonjwa wa nchi nzima: kwenye taarifa za habari “waziri aliweza kuwasili”, kwenye vikao “tuliweza kukutana”. Kuweza maana yake kulikuwa na kizuizi ukakishinda. Ukisema uliweza kuvuka Kiwira wakati mto umefurika, nakupa pole na hongera. Lakini ukisema uliweza kupima kahawa, naanza kujiuliza kilichokuwa kinakuzuia. Mizani mbovu? Malaria? Mwajiri naye atajiuliza, na hatapata jibu.

Halafu *kuhusika*. Aliyeiba mizani naye alihusika. Neno hili halisemi ulishika nini mkononi: ulipima, ulibeba magunia, au ulikaa kivulini ukitazama? Halafu *zoezi*! Zoezi ni la hesabu ubaoni, au la mwili alfajiri. Siku hizi hakuna kinachofanyika nchini bila kuwa zoezi; hata kuchimba choo ni zoezi la uchimbaji. Na *upimaji* ni kitenzi kilichovishwa koti kikanyang’anywa mwenyewe: sioni nani kapima, wala lini.

Tukishapepeta makapi yote, kinabaki: “Nilipima kahawa ya wakulima.” Maneno manne. Kwenye ile nafasi iliyokuwa ya *zoezi* sasa weka jambo lenye uzito. Kwa mfano, kama daftari lako linasema hivyo: “Nilipima kahawa mbivu ya wakulima 140 na kuwaandikia stakabadhi papo hapo.” Angalia hiyo *na kuwaandikia*: nafsi na wakati vimeshatajwa kwenye *nilipima*, cha pili kinavipokea kwa *ku-*. Hapo ndipo lugha yetu inaporuhusu kuacha *ni* bila kuvunja neno.

Kuhusu wakati, hakuna mzungu wa nne. Kazi iliyokwisha ni *-li-*. Kazi unayoifanya mpaka leo, kama hiyo ya duka la pembejeo Tunduma, ni *-na-*: “Ninatunza stoo ya mbolea.” Ukipenda “Natunza”, sawa, ila usichanganye yote mawili kwenye orodha moja. *-Me-* iweke pale ambapo tokeo bado liko nawe: “Nimehitimu cheti cha uhasibu”, maana cheti bado unacho. “Nimepima kahawa” kwa kazi ya 2022 inasikika kama umetoka mizanini sasa hivi, mikono ina vumbi. Na *hu-*, ambayo kweli haina nafsi, isikutamanishe. “Hupima kahawa na kutunza stoo” inanikumbusha darasa la sayansi: simba hula nyama, popo hulala mchana.

Umeandika pia “Kahawa ilipimwa kwa uaminifu.” Na nani? Kauli ya kutendwa imemficha mtendaji, na mtendaji ndiye anayetafuta kazi. Ya namna hii “nilipewa jukumu la kupima” ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu ulipewa, halafu? Siikatai *-wa* moja kwa moja, maana kuna mambo ambayo mtu hajifanyii: “Niliteuliwa kuwa karani mkuu”, “Nilipandishwa cheo 2023”. Ukiandika “Nilijiteua”, tutaelewana vibaya.

Asili ya neno, kwa wanaopenda: *wasifu* na *sifa* ni ndugu wa mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kueleza jinsi kitu kilivyo. Kusifu kulikuja baadaye mlangoni na kukaribishwa.

Kama AMCOS wanataka wasifu kwa Kiingereza, basi mfuate jamaa wa steshenari na utoe kiwakilishi kama alivyosema. Hapo yuko sahihi. Ila mwambie na yeye, kwa heshima, alitoe lile bango lake la mlangoni: “Hapa tunaweza kufanya zoezi la uchapaji.”