Kulipa deni la kodi kwa awamu ilhali mapato hayatabiriki

*Swali: Mimi ni mpiga picha za harusi hapa Mombasa. KRA wamenifanyia tathmini ya mwaka 2024 na nimekubali kwamba nadaiwa: kodi 240,000, juu yake adhabu na riba. Siwezi kulipa kwa mkupuo. Mwezi mmoja napata harusi sita, Ramadhani sipati hata moja. Rafiki amenishauri nigawanye deni kwa miezi kumi na miwili niandike barua. Je, watakubali, na nikikosa mwezi mmoja itakuwaje?*

Dada yangu, nianze na mwisho wa swali lako, maana ndio unaoamua mengine yote. Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015, kifungu cha 33, inamruhusu Kamishna kukuongezea muda au kukukubalia ulipe kwa awamu ukionyesha sababu ya maana. Lakini kifungu hichohicho kinasema ukikosa awamu moja, salio lote linadaiwa papo hapo. Hapo KRA inaweza kuiandikia benki yako ilani ya kukata pesa moja kwa moja kwenye akaunti. Kwa hiyo mpango mzuri kwako ni ule ambao hata mwezi wako mbovu kuliko yote hauwezi kuuvunja.

Ndiyo sababu siuafiki ushauri wa rafiki yako. Awamu zinazolingana zinamfaa mwenye mshahara. Nilikuwa na mteja, fundi wa majahazi, aliyeahidi 25,000 kila mwezi kwa kuwa wastani wake kwa mwaka uliziruhusu. Kusi lilipochafua bahari kazi ikasimama, mwezi wa tatu akakosa, na akarudi kwangu deni likiwa zima na akaunti imeshikwa. Wastani wake ulikuwa wa kweli kabisa, ila hakuna mwezi wowote ambao yeye hupata wastani.

Kabla ya kuandika chochote, hakikisha deni lenyewe ni sahihi. Ukipigia hoteli picha, huenda walikukata kodi ya zuio. Kila cheti cha zuio cha mwaka 2024 kilichoko kwenye iTax kinapaswa kupunguza zile 240,000. Nimeona watu wakiomba awamu za pesa ambazo hoteli ilikwisha kuwalipia. Na kama kuna sehemu ya tathmini huikubali, una siku 30 tangu uarifiwe kuleta pingamizi. Hapo sheria inataka ile sehemu usiyoipinga uwe umeilipa, au uwe umeomba muda wa kuilipa. Ombi la awamu, basi, linaweza kwenda sambamba na pingamizi.

Sasa hesabu. Kodi ya 2024 ilipaswa kulipwa kufikia tarehe 30 Aprili 2025. Adhabu ya kuchelewa ni asilimia 5, yaani 12,000. Riba ni asilimia 1 kwa mwezi juu ya kodi isiyolipwa, na haizai riba nyingine. Nikichukua kwamba unaandika Januari 2026, ni miezi tisa ya 2,400, jumla 21,600. Deni zima ni shilingi 273,600. Ujue pia kwamba kukubaliwa awamu hakusimamishi riba. Inaendelea mpaka kodi yenyewe iishe, ila kila unapopunguza kodi nayo inapungua.

Toa taarifa ya benki na ya M-Pesa ya miezi 24, sio 12. Mwaka mmoja hauonyeshi kama mwezi mbovu ni kawaida yako au ni bahati mbaya. Kila mwezi uandike kilichoingia, utoe gharama za kazi kama msaidizi, usafiri na uhariri, kisha utoe kodi ya nyumba, chakula na karo. Arubuni usiihesabu kuwa pato la mwezi ilipoingia kama harusi yenyewe iko miezi mitatu mbele, kwa sababu kuna wanaoahirisha wakataka warudishiwe.

Halafu toa kitu ambacho wengi hukisahau, nacho ni kodi ya mwaka huu. Wewe una malipo ya awali ya kodi ya mapato tarehe 20 ya Aprili, Juni, Septemba na Disemba, kama kodi yako ya mwaka inazidi 40,000. Tena salio la mwaka 2025 linatakiwa kufikia 30 Aprili 2026, na ritani yake kufikia 30 Juni. Mpango wa deni la zamani unaokufanya uzalishe deni jipya hautakuokoa. Kwa hiyo omba tarehe ya awamu iwe 28 ya kila mwezi, isigongane na zile za tarehe 20, na umpe mteja wa Jumamosi ya tatu nafasi ya kukulipa.

Tuseme baada ya makato yote hayo unabaki na wastani wa 31,000 kwa mwezi, lakini mwezi wako wa chini kabisa katika ile 24 ulibaki na 14,000. Ukitanguliza 50,000 na kugawa kilichobaki sawasawa mpaka Disemba, utadaiwa kama 21,000 kila mwezi. Ukiangalia wastani utaona unaziweza. Lakini rudi kwenye orodha yako uhesabu ni miezi mingapi ulibaki chini ya 21,000. Hata ikiwa mmoja tu, huo mmoja unatosha kuangusha mpango.

Ninachokupendekeza ni kuweka kiwango cha chini ambacho hata mwezi wa 14,000 unakiweza na kubakiza akiba, yaani 10,000. Juu yake uongeze malipo makubwa katika miezi ambayo vitabu vyako vyenyewe vinaonyesha ina kazi. Kwako wewe, Ramadhani ya 2026 inaangukia Februari na Machi, halafu Mfunguo Mosi unafungua harusi kuanzia baada ya Idd na kuingia Aprili. Nakisia Agosti na Disemba nazo ni nzuri, watu wakiwa likizo na ndugu wa ng'ambo wamerudi. Kama taarifa zako zinasema vingine, fuata taarifa zako.

Mpango utakuwa hivi. Mwisho wa Januari unalipa 50,000 kutoka kwenye kazi za Disemba na Shaaban, pamoja na ombi lako. Kodi inashuka hadi 190,000. Februari na Machi unalipa 10,000 kila mwezi. Aprili unalipa 55,000. Mei, Juni na Julai ni 10,000 kila mmoja, Agosti tena 55,000, kisha Septemba, Oktoba na Novemba 10,000. Malipo huanza kwa kodi yenyewe kabla ya adhabu na riba, hivyo kufikia mwisho wa Novemba ile 190,000 imekwisha. Riba mpya katika kipindi hicho, nikiihesabu juu ya salio la kila mwezi, inafika 10,000. Kinachobaki Disemba ni adhabu 12,000, riba ya zamani 21,600 na hiyo mpya 10,000: jumla 43,600.

Kabla hujatia sahihi, pima Aprili kwa ukali. Ndio mwezi wa 55,000, wa malipo ya awali na wa salio la 2025. Kama vyote havitoshi, ni heri uombe Aprili iwe 30,000 na zile 25,000 uzisogeze Mei, riba ikaongezeka kidogo, kuliko kuahidi kwa kutarajia harusi ambazo hazijafungwa.

Ombi lazima liwe la maandishi, kupitia iTax au kwa barua kwa ofisi yako ya kodi. Ofisa atakayelisoma hakujui, na neno "mapato yangu hayatabiriki" analisikia kila siku. Mpe jedwali la miezi 24, taarifa za benki na M-Pesa zinazolingana nalo, na orodha ya harusi zilizokwisha kulipiwa arubuni. Usifiche laini ya pili ya simu, kwani ikigunduliwa ombi zima linapoteza uzito. Kiini cha barua kinaweza kuwa maneno kama haya:

"Nakubali deni la kodi ya mapato ya mwaka 2024. Nimelipa shilingi 50,000 leo. Kazi yangu ni ya msimu, kama jedwali la miezi 24 linavyoonyesha, na mwezi wa chini kabisa nilibaki na shilingi 14,000. Naomba nilipe shilingi 10,000 kila tarehe 28, na shilingi 55,000 mwezi Aprili na Agosti, salio lote likamilike Disemba 2026. Naomba pia kwamba nikilipa zaidi katika mwezi wowote, ziada ihesabiwe kwa awamu inayofuata."

Sentensi ya mwisho usiiache. Bila kukubaliwa hivyo kwa maandishi, unaweza kulipa 30,000 Mei ukidhani Juni imelipwa, kumbe salio limepungua tu na awamu ya Juni bado inahesabika kuwa umeikosa.

Kamishna anapaswa kukujibu ndani ya siku 30. Usizisubiri umekaa. Februari ikifika lipa ile 10,000 kana kwamba umekubaliwa. Wanaweza kukujibu kwamba wanataka malipo ya kuanzia makubwa zaidi au muda mfupi zaidi. Ukiombwa hivyo, ongeza kwenye miezi mikubwa, lakini kiwango cha chini cha 10,000 kishikilie, na uwaonyeshe kwenye jedwali mwezi ule wa 14,000.

Unapolipa, tengeneza namba ya malipo kupitia `Payment Registration` na uchague kodi ya mapato ya mtu binafsi, mwaka 2024. Kosa la kawaida ni kuchagua mwaka unaoendelea. Pesa zinaingia, risiti unayo, lakini deni la 2024 halijasogea, na mfumo unakuona umekosa awamu. Kila baada ya kulipa subiri siku chache, fungua akaunti yako kwenye iTax uone kama salio la 2024 limeshuka kwa kiasi kilekile.

Ukiona mwezi unakushinda, andika kabla ya tarehe 28, ueleze kilichotokea na useme utalipa kiasi gani na lini. Weka ushahidi, kwa mfano ujumbe wa mteja aliyeahirisha na muamala wa arubuni uliyomrudishia. Na siku hiyo ulipe ulicho nacho, hata kama ni 6,000. Hilo halikupi kinga ya kisheria, ila barua iliyotangulia kosa hushughulikiwa tofauti na simu inayopigwa baada ya benki kushika akaunti.

Kama hoteli zinakudai cheti cha uzingatiaji kodi ndipo zikupe kazi, mpango uliokubaliwa unakuwezesha kukiomba hata deni likiwa halijaisha, mradi ritani zako zote zimewasilishwa. Disemba, kabla ya kulipa zile 43,600, angalia kwanza salio halisi kwenye akaunti. Hesabu yangu ya riba inaweza kutofautiana na yao kwa shilingi kadhaa, na hata mia mbili zikibaki, mwaka 2024 utaendelea kusomeka kuwa unadaiwa.