Majimaji kwenye ukurutu wa mtoto: ni muwasho umepamba moto au vijidudu vimeingia?

Swali: Daktari, mwanangu ana miezi saba. Tangu akiwa na miezi minne mashavu yake ni makavu yenye magamba, na kliniki waliniambia ni pumu ya ngozi. Siku tatu hizi anajisugua uso kwenye shuka mpaka usiku hatulali, na mashavu yanatoa maji. Leo asubuhi shavu la kulia lina ukoko wa njano. Hana homa, nimempima 37.1, na ananyonya vizuri. Duka la dawa wamenipa krimu yenye dawa tatu ndani. Je, huo ni usaha? Nimpake hiyo krimu, au nimkimbize hospitali usiku huu?

Jibu: Usimkimbize usiku huu, mama, na hiyo krimu usimpake. Ila kesho au kesho kutwa aonwe.

Tuanze na maji, maana ndiyo yanayotisha wazazi. Ngozi yenye pumu ya ngozi, au ukurutu, ina kinga dhaifu ya juu: unyevu unatoka ovyo na vitu vya nje vinaingia kwa urahisi. Ugonjwa ukiwaka, mishipa midogo ya damu chini ya ngozi huvujisha maji, na mtoto akijisugua yale maji hupata pa kutokea. Kwa hiyo ngozi inaweza kuloa chapachapa bila maambukizi yoyote. Maji hayo huwa maangavu kama ya malengelenge ya kuungua, na yakikauka huacha utando mwembamba wa rangi ya njano iliyofifia. Hapo ndipo wengi hukosea: wakiona njano tu, wanasema usaha.

Jaribu hivi usiku huu. Chovya kitambaa safi kwenye maji ya vuguvugu, kiweke juu ya ukoko kwa dakika tano bila kusugua, halafu uuondoe taratibu. Piga picha. Kesho asubuhi piga nyingine, mahali pale pale na kwenye mwanga ule ule. Kama ni maji ya ukurutu peke yake, ukoko utarudi mwembamba au hautarudi kabisa. Kama bakteria wameshika, na mara nyingi ni stafilokoka, utarudi upesi ukiwa mnene, unanata, wenye rangi ya asali, na utaona umeenea kuliko jana. Pengine kutakuwa na vipele vyenye usaha pembeni, au tezi zilizovimba chini ya taya. Dalili nyingine ni ya mwenendo: ukurutu uliokuwa ukitulia kwa dawa ya kawaida sasa hautulii, au umechachamaa ghafla ndani ya siku moja au mbili.

Usitegemee wekundu. Kwenye ngozi nyeusi uvimbe wa ukurutu huonekana kama weusi uliokolea, zambarau au kijivu, na nimeona watoto wakicheleweshwa kwa sababu mtu alikuwa akingoja ngozi iwe nyekundu. Tumia mgongo wa mkono wako: gusa shavu moja, kisha la pili. Lenye joto zaidi, limevimba na mtoto analia ukiligusa, hilo lina jambo. Kuwashwa na kuumwa ni vitu viwili. Mtoto anayewashwa hutafuta kitu cha kujisugulia, lakini anayeumwa hukwepa kuguswa.

Kwa maelezo yako, naona ukurutu uliowaka, na huenda bakteria wanaanza kwenye shavu la kulia. Mtoto mzima wa afya, asiye na homa, si lazima apewe antibiotiki hata kama kuna ukoko. Mara nyingi ngozi hutulia ukurutu wenyewe ukitibiwa ipasavyo, na bakteria hupungua kwa sababu wamepoteza makao. Atakayemwona ndiye aamue kama kuna haja ya dawa ya kupaka au ya kunywa.

Krimu ya dawa tatu kwa kawaida huwa na steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho, dawa ya fangasi na antibiotiki, na steroidi yake mara nyingi ni ile kali. Kwenye uso wa mtoto wa miezi saba steroidi kali hukondesha ngozi. Isitoshe, hutuliza rangi na uvimbe kwa siku chache, kisha daktari akitazama hajui alichonacho mtoto. Uso wa mtoto hutibiwa kwa steroidi hafifu, kwa kawaida haidrokotizoni ya asilimia 1, kwa siku chache na kwa maelekezo. Kamua krimu hiyo ya haidrokotizoni kutoka ncha ya kidole chako cha shahada hadi mkunjo wake wa kwanza: hiyo ni kama nusu gramu, na inatosha kupaka eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Mashavu mawili ya mtoto hayafiki huko. Mafuta ya kulainisha, kwa upande mwingine, wazazi wengi hupaka kidogo mno. Mtoto wa umri wake mwenye ukurutu mwili mzima anaweza kumaliza gramu 125 au zaidi kwa wiki. Muogeshe kwa maji ya vuguvugu kwa dakika tano hadi kumi, bila sabuni yenye manukato, mkaushe kwa kugusagusa na taulo, kisha mpake mafuta ya mgando yasiyo na harufu ngozi ikiwa bado na unyevu. Yachote kwa kijiko safi, kwa sababu vidole hupeleka bakteria ndani ya kopo na kesho unampaka hao hao.

Sasa kuna sura moja ambayo nisingependa ungoje asubuhi, na ajabu ni kwamba pengine haina maji mengi wala ukoko wa asali. Ni virusi vya hepesi, vile vile vinavyomtoa mtu mzima vidonda vya homa mdomoni. Mtu mwenye vidonda hivyo akimbusu mtoto mwenye ukurutu, virusi vinaweza kusambaa kwenye ngozi iliyochubuka. Utaona malengelenge madogo yaliyokusanyika, yakipasuka yanaacha vishimo vya mviringo, vyote vya ukubwa karibu sawa, milimita moja hadi tatu, kama vimetobolewa kwa msumari. Mtoto huumwa kuliko kuwashwa, hupata homa, hulegea au hukataa kunyonya. Ukiviona, peleka hospitali saa hiyo hiyo hata kama ni usiku wa manane, na usipake steroidi njiani. Kuna dawa ya kuvizuia, asaikloviri, na inafaa zaidi ikianza mapema. Vikiwa karibu na jicho ndiyo usichelewe kabisa, kwa kuwa vinaweza kuharibu kioo cha jicho. Kwa hiyo nikuulize: je, kuna mtu nyumbani mwenye kidonda mdomoni wiki hii?

Vivyo hivyo usingoje kama joto la mwili linafika 38 na mtoto amelegea, au uvimbe wenye joto unatambaa. Ukitilia shaka, chora ukingo wake kwa kalamu na utazame baada ya saa mbili. Ukivuka mstari, ondokeni.

Ukienda kesho, beba ile krimu na picha zako mbili. Na kama wengine nyumbani nao wanajikuna usiku, au mtoto ana vipele kwenye viganja na nyayo, uliseme kabla hujaulizwa, kwa sababu huo unaweza kuwa upele wa kuambukizana umekaa juu ya ukurutu, na matibabu yake ni mengine, ya nyumba nzima kwa pamoja, siku ile ile.