Saini, herufi za jina na mchoro wa pembeni: kipi kinakiliwe?

*"Shikamoo mwalimu. Nipo masjala ya halmashauri moja hapa Dodoma. Tunachapa upya kwenye kompyuta mihutasari ya zamani ya vikao vya vijiji. Penye saini niandike nini? Na zile herufi mbili za jina zinazowekwa pembeni, au michoro ya mtu aliyekuwa akichezea kalamu? Mwenzangu anaruka vyote, anasema si maneno."*

Marahaba, ndugu yangu. Mwenzako yuko sahihi kwamba saini si maneno, lakini hilo halitoshi kuiruka. Kabla ya kuamua, jiulize alama hiyo ilifanya kazi gani kwenye karatasi. Kinachosomeka, kinakili. Kisichosomeka lakini kilithibitisha au kubadilisha jambo, kieleze kwa maneno machache ndani ya mabano ya mraba, ili msomaji ajue ni yako wala si ya mwandishi wa muhtasari. Mabano ya duara waachie wenye hati, maana nao waliyatumia.

Tuchukue muhtasari wa kugawa shamba. Mashine imepiga "ekari 8", kisha 8 imekatwa kwa kalamu, juu yake pameandikwa 3, na pembeni kuna J.M. Ukichapa "ekari 3" tu, umelificha sahihisho ambalo huenda ndilo kiini cha mgogoro. Andika hivi:

ekari [imekatwa: 8] [juu, kwa mkono: 3] [pembeni, herufi za jina: J.M.]

Herufi hizo mbili zinasomeka, kwa hiyo zinakiliwe zilivyo. Usizigeuze kuwa jina kamili, hata kama mwenyekiti aliyetajwa juu ana jina linaloanzia hapo. Huenda mjumbe mwingine naye ni J.M. Ukiwa na sababu ya kumdhania mtu, iandike kwenye safu ya maelezo, mbali na matini.

Tushuke chini ya ukurasa. Juu ya cheo "Mwenyekiti wa Kijiji" kuna mkunjo wa wino usiosomeka, na jina limepigwa chapa chini yake. Andika [saini], kisha nakili jina na cheo. Usiandike "imesainiwa na mwenyekiti". Kauli hiyo inashuhudia tendo ambalo hukuliona, kwani afisa mtendaji au mtu mwingine angeweza kusaini kwa niaba yake. [saini] inasema tu kilichopo. Kwa shahidi aliyebonyeza wino, [alama ya dole gumba] inatosha.

Hapa kuna mtego mmoja unaowapata wengi. Baadhi ya nakala zilizopigwa chapa zina neno "imesainiwa" kabla ya jina, bila wino wowote wa kalamu. Hilo ni neno kama maneno mengine, nalo linanakiliwa bila mabano yako. Ukiweka [saini] hapo, umeipa nakala saini ambayo haina. Na palipo na mstari mtupu andika [nafasi ya saini, tupu]. Ukizoea kuruka, msomaji hataweza kutofautisha hati isiyo na saini na hati ambayo mchapaji hakuishughulikia saini yake. Hili ndilo linalonifanya nisikubaliane na mwenzako kabisa.

Sasa michoro. Vijisanduku, maua na mistari ya mtu aliyechoshwa na kikao vinaweza kurukwa, maana havimbadilishii msomaji chochote. Lakini ukurasa uleule wa shamba unaweza kuwa na mistari miwili inayokutana, vijiduara vinne na mshale. Kwa haraka utaona mchezo wa kalamu. Soma aya iliyo jirani yake: ikiwa inataja mpaka wa minyaa, kama mipaka mingi ya huku kwetu, basi huenda huo ni mchoro wa shamba. Andika:

[pembeni, kwa wino wa buluu: mistari miwili inayokutana, vijiduara vinne, mshale kuelekea juu ya ukurasa]

Eleza maumbo, usieleze maana. "Mshale kuelekea juu ya ukurasa" ni salama. "Mshale kuelekea kaskazini" si salama mpaka hati yenyewe iseme. Vilevile usiandike "ramani ya shamba la fulani", wala "amechorachora", kwa sababu neno la kwanza linahukumu umiliki na la pili linahukumu nia. Kukiwa na neno au namba ndani ya mchoro, hata moja, inakili.

Ukibaki na shaka kama mchoro una kazi au hauna, ueleze. Mstari mmoja wa mabano ni gharama ndogo kuliko kurudi kutafuta jalada. Na kwa ile uliyoiruka, weka sentensi moja mwanzoni mwa faili zima: "Michoro ya pembeni isiyohusiana na maandishi haikuingizwa." Mwonyeshe mwenzako sentensi hiyo kabla hamjaendelea, ili nyote wawili mruke vitu vilevile.