Ubao mfupi, ubao mrefu: kwa nini kazi ya mvutano haijali njia

Miezi ya kusubiri matokeo ya kidato cha nne niliimaliza kwenye stoo ya vifaa vya ujenzi ya mjomba, nikipakia lori. Mizigo mizito tuliiburuta juu ya ubao ulioegemezwa kwenye bodi ya lori, na mbao zenyewe zilikuwa mbili, mmoja mfupi na mmoja mrefu. Siku ya kwanza nilichukua ule mfupi, maana nilitaka kumaliza haraka. Utingo wa lori, mzee wa makamo, akanisimamisha.

"Mwanangu, kasha la misumari lipe ubao mrefu. Huo mfupi utakuvunja mgongo."

"Lakini mzee, huu mrefu si ndiyo safari ndefu?"

"Safari ndefu, ndiyo. Lakini utasukuma kidogo kidogo."

Alikuwa sahihi, na mgongo wangu ulithibitisha. Ila mwaka uliofuata, nikiwa kidato cha tano, mgongo huohuo ulinidanganya. Mwalimu aliuliza: mzigo mmoja ukipandishwa kimo kilekile kwa mbao mbili tofauti, mvutano wa dunia unafanya kazi kubwa zaidi kwenye ubao upi? Nikanyoosha mkono na kujibu kwa uhakika kwamba ni ule mfupi, kwa sababu ndio mgumu. Nilikosa. Leo nafundisha tuisheni jioni, na kila mwaka napokea jibu hilohilo kutoka kwa wanafunzi wenye akili zao timamu. Tatizo haliko kwenye hesabu. Tunachanganya nguvu tunayoisikia mikononi na kazi inayofanywa na kani moja tu kati ya kani kadhaa zinazoushika mzigo.

Basi tulipige hesabu lile kasha. Tuseme lina kilo 50, na tuchukue g, yaani nyutoni ambazo dunia inavuta kila kilo moja, kuwa 10, kwa hiyo uzito wake ni nyutoni 500. Bodi ya lori iko mita 1.2 kutoka chini. Ubao mfupi una mita 2.4, ubao mrefu mita 4.

Kazi ni kani kuzidisha umbali, lakini si umbali wowote: ni ule uliokwenda katika uelekeo wa kani yenyewe. Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Wanachukua nyutoni 500, wanazidisha kwa mita 2.4 za ubao, wanapata jouli 1,200. Lakini mvutano hauvuti kufuata ubao, unavuta chini wima. Kwa hiyo gawa safari ya kasha katika vihatua vidogo sana, na kila kihatua kivunje vipande viwili, cha mlalo na cha wima. Kwenye kipande cha mlalo mvutano haufanyi kazi yoyote, kwa kuwa kasha halisogei chini wala juu. Kwenye kipande cha wima unafanya kazi sawa na uzito kuzidisha kimo cha kihatua hicho. Ukivijumlisha vipande vyote vya mlalo, mchango wao ni sifuri. Ukivijumlisha vya wima, unapata mita 1.2 kamili, uwe umetumia ubao mfupi, ubao mrefu, ngazi au winchi. Kazi ya mvutano ni jouli 600 zenye alama ya kutoa, kwa sababu kasha linapanda huku mvutano ukivuta chini.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kunibana vizuri hapa. Akasema, sawa mwalimu, ubao unapanda tu. Je, njia inayopanda na kushuka? Nikamjibu kwa njia ya Machame ya mlima Kilimanjaro, ambayo binamu yangu aliipanda miaka kadhaa akiwa mpagazi. Siku moja ya safari ile wanatoka kambi ya Shira, takriban mita 3,800, wanapanda hadi Lava Tower, takriban mita 4,600, kisha wanashuka kulala Barranco, takriban mita 3,900. Mpe mpagazi mzigo wa kilo 15, yaani nyutoni 150. Katika kupanda mita 800, mvutano unafanya kazi ya jouli 120,000 za kutoa. Katika kushuka mita 700, unafanya jouli 105,000 za kuongeza. Jumla ni jouli 15,000 za kutoa, sawasawa na kama angepanda mita 100 moja kwa moja. Kila mita aliyopanda kisha akaishuka imejifuta yenyewe.

Binamu alipoisikia hesabu hii hakufurahi. "Kwa hiyo unaniambia ile siku ya Lava Tower ni sawa na kupanda kilima kidogo? Njoo uulize magoti yangu." Ana haki kabisa, na jibu lake ndilo moyo wa somo zima. Mvutano umerudisha jouli 105,000 wakati wa kushuka, lakini mwili wake hauna pa kuzipokea. Misuli ya mapaja inafanya kazi ya kufunga breki, na nishati ile inageuka joto. Tena misuli inakula chakula hata inapofunga breki. Mvutano haukumdhulumu, kilichoshindwa kuhifadhi ni mwili.

Kani inayorudisha yote iliyochukua, kama mvutano, huitwa kani hifadhi. Ya springi nayo ni hivyo hivyo, na kani kati ya chaji za umeme zilizotulia pia. Kani isiyorudisha si hifadhi, na mfano wa kwanza mtu anaokutana nao ni msuguano. Ushauri wangu ni kwamba usizikariri orodha. Badala yake, rudisha mzigo pale ulipotoka, kisha ujumlishe kazi ya kani hiyo kwa safari nzima, kwenda na kurudi. Kama jumla ni sifuri kwa kila mzunguko unaoweza kuufikiria, kani hiyo ni hifadhi. Ukipata mzunguko mmoja tu unaokataa, imekwisha, si hifadhi.

Turudi kwenye kasha. Tuseme msuguano kati ya kasha na ubao ni 0.4 ya kani inayolikandamiza kasha kwenye ubao. Ubao mfupi umekwenda mlalo mita 2.08 hivi, ule mrefu mita 3.82. Kwenye ubao ulionyooka, kani inayokandamiza ni sehemu ya uzito iliyo pembe mraba na ubao, na ukiizidisha kwa urefu wa ubao inabaki uzito kuzidisha umbali wa mlalo. Nilipoigundua njia hii fupi niliacha kuhangaika na pembe. Kwa ubao mfupi msuguano unakula 0.4 × 500 × 2.08, karibu jouli 416. Kwa ubao mrefu unakula karibu jouli 763. Mzigo ni uleule na kimo ni kilekile, lakini msuguano umetoza bei mbili.

Sasa shusha kasha kwa ubao uleule mfupi. Mvutano uliochukua 600 unarudisha 600, jumla sifuri. Msuguano uliochukua 416 unachukua tena 416, jumla 832, na zote zimekwenda kuupasha joto ubao na kitako cha kasha. Sababu ni uelekeo. Mvutano unavuta chini iwe unapanda au unashuka, haujui unakwenda wapi. Msuguano unageuka kila unapogeuka, daima uko kinyume na mwendo. Ndiyo maana usidanganyike na hoja ninayoisoma kwenye madaftari, kwamba msuguano wa ubao huo una ukubwa usiobadilika kwa hiyo ni hifadhi. Kani isiyobadilika kweli, ukubwa na uelekeo, ni hifadhi. Msuguano una ukubwa uleule, lakini uelekeo wake unafuata miguu yako.

Hapo pia ndipo nilipomwelewa yule mzee. Kusukuma kasha kwa mwendo wa taratibu kwenye ubao mfupi kunadai 600 na 416, yaani jouli 1,016 kwa mita 2.4, ambayo ni nyutoni 423 hivi. Kwenye ubao mrefu ni jouli 1,363 kwa mita 4, kama nyutoni 341. Ubao mrefu unadai kazi kubwa zaidi, kinyume na nilivyodhani, lakini kani unayoitoa kila hatua ni ndogo. Mgongo unavunjwa na kani, si na jumla ya jouli.

Ukitaka kuona tofauti kwa macho, liachie kasha juu. Kwenye ubao mfupi mvutano unatoa 600, msuguano unakula 416, zinabaki 184, na kasha linafika chini kwa mwendo wa karibu mita 2.7 kwa sekunde. Mbao zingekuwa hazina msuguano kabisa, lingefika kwa mita 4.9 kwa sekunde kwa ubao wowote ule, mrefu au mfupi. Kwenye ubao mrefu mvutano ungetoa 600 lakini msuguano unadai 763. Haiwezekani, basi kasha halisogei kabisa, linakaa pale ulipoliacha. Tuliwahi kuliachia kwa bahati mbaya kwenye ubao mfupi na likapita karibu na miguu ya utingo. Kwenye ubao mrefu tulikuwa tunalipumzisha katikati, tunakunywa maji, na halikwenda popote.

Kuna sababu nyingine ya kuitenganisha mvutano na msuguano kwenye karatasi ya hesabu. Kwa kuwa kazi ya mvutano haijali njia, unaweza kukipa kila kimo namba yake, mgh, yaani uzito kuzidisha kimo, na kuiita nishati iliyowekwa. Likiwa mita 1.2 juu, kasha lina jouli 600 zaidi kuliko chini, haijalishi lilifikaje. Jaribu kufanya hivyo kwa msuguano utakwama mara moja: juu ya bodi ile ile ungelazimika kuandika 416 kwa aliyetumia ubao mfupi na 763 kwa aliyetumia mrefu. Hakuna namba moja ya mahali hapo. Kwa hiyo usitafute nishati iliyowekwa ya msuguano. Kazi yake ihesabu kwa njia iliyopitiwa, kisha uitoe kwenye jumla.

Na hii haihitaji g iwe 10 kila mahali. Ukienda juu sana uzito unapungua kadiri unavyokuwa mbali na kitovu cha dunia, na mgh haifai tena. Lakini hoja ya vihatua inabaki. Safari hii kila kihatua unakivunja kipande kinachokwenda mbali au karibu na kitovu, na kipande kinachozunguka bila kubadili umbali huo. Kipande cha kuzunguka hakina kazi, kama mlalo wa ubao wetu. Kinachobaki ni umbali wa mwanzo na umbali wa mwisho.