Hoja tumeikubali, tunajibuje?

"Wakuu, mkaguzi kakuta usuluhishi wa benki wa Aprili mpaka Juni haujafanyika na ni kweli, naandikaje majibu?"

Kubali kwa sentensi moja, usianze na "mhasibu alikuwa likizo". Jamaa hapo juu kasema andika "tutarekebisha haraka", kukubali yuko sawa ila haraka siyo tarehe, mkaguzi akirudi atafuatilia nini? Mfano: "Mhasibu msaidizi atakamilisha usuluhishi wa miezi mitatu ifikapo 31 Julai, na kuanzia Agosti mhasibu mkuu atakagua na kusaini kila mwezi kabla ya tarehe 10." Weka cheo, siyo "idara ya fedha", idara nzima haiwezi kuulizwa. Halafu angalia chanzo, maana kwetu hapa Dar ilikuwa keshia anayepokea hela ndo huyohuyo anasuluhisha, tukamaliza karatasi zote na mwaka uliofuata hoja ikarudi vilevile, kwa hiyo kazi ya kusuluhisha mwondolee keshia. Ushahidi ambatanisha karatasi za usuluhishi zilizosainiwa tu.

"Sisi mhasibu yuko mmoja tu, nani asaini?"

Meneja anaweza, apewe na taarifa ya benki yenyewe. Ila kama meneja ndo anaidhinisha malipo, hapo muulizeni mkaguzi wenu kabla hamjaandika.