Niliweka klorini miaka sita, meno ya binti yangu yakaharibika

Wiki iliyopita dada mmoja wa Usa River ameniandikia: "Kaka, tumechimba kisima, kila Jumamosi naweka klorini kwenye simtanki. Watoto wanaweza kunywa bila wasiwasi?" Nilisoma ujumbe ule mara mbili, nikaiweka simu chini. Hayo ndiyo maneno niliyokuwa nikiwatambia majirani.

Na nilikuwa na haki ya kutamba, jamani. Huku miteremkoni Meru watu walikuwa wanaharisha kila masika, kwangu hakuharisha mtu. Kwa simtanki la lita 1,000 nilikuwa napima mililita 60 za dawa ya klorini ya asilimia 3.5, ile isiyotiwa manukato. Hiyo inatoa kama miligramu 2 kwa kila lita. Nakoroga, nasubiri nusu saa, kisha nachota maji kidogo kwenye kichupa na kutia kidonge cha kupimia. Yakigeuka waridi, klorini bado imo. Yakibaki meupe, imekwisha yote na lazima niongeze.

Klorini hufanya kazi kwa kujimaliza. Ikigusa bakteria inavunja ngozi yake na kuvuruga yaliyomo ndani, basi, kimekufa. Ila haichagui. Tope, majani yaliyooza, chuma kilichomo majini, vyote inavivamia, na kila inachokivamia kinaipunguza. Ndiyo maana maji machafu huchujwa au hutuamishwa kwanza, na ndiyo maana tunapima ile inayobaki. Baada ya nusu saa ikibaki nusu miligramu kwa lita, mambo ni mazuri. Kipindupindu na homa ya matumbo hazina ujanja hapo. Kuna kimelea kimoja kigumu, kriptosporidiamu, chenye gamba linalostahimili klorini, lakini hicho maji yakichemka kinakufa.

Kilichonipiga mimi hakikuwa hai.

Binti yangu alipofika miaka saba, meno ya mbele ya ukubwani yakaota yana mistari myeupe kama chaki. Mwaka uliofuata mistari ikawa kahawia. Nilimgombeza apige mswaki vizuri, Mungu anisamehe. Hadi leo akicheka anaziba mdomo kwa kiganja.

Nikapeleka maji maabara. Wadudu: hakuna. Floraidi: miligramu 5.8 kwa lita. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi 1.5. Inatoka kwenye mawe ya volkano ya mlima wetu wenyewe, maji yanapita humo taratibu na kuiyeyusha. Klorini inaua, na floraidi haina uhai wa kuuawa. Ni hivyo hivyo kwa chumvi, aseniki na naitreti. Basi nikaanza kuchemsha kwa bidii, nikazidisha ujinga: mvuke unaondoka, floraidi inabaki sufuriani, maji yanapungua na yenyewe inakolea. Rangi haina, ladha haina. Na meno yanaharibika yakiwa bado ndani ya ufizi, miaka ile ya mwanzo, kwa hiyo ukiyaona umeshachelewa. Ikiendelea miaka mingi inaingia mifupani.

Fundi aliyenichimbia kisima alijua. Aliniambia baadaye, kirahisi tu, "huku kote ndivyo yalivyo." Sijamsamehe vizuri.

Sasa dada yangu, nisikilize. Usiache klorini, lakini usiipe kazi isiyo yake. Mimi sasa navuna mvua ya bati, ambayo karibu haina floraidi kabisa. Ndoo moja ya kisima nachanganya na ndoo nne za mvua: 5.8 gawanya kwa tano, napata 1.16. Mvua ya bati ina vinyesi vya ndege, kwa hiyo klorini inarudi kazini kwake. Kiangazi natumia chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, maana mfupa unainasa floraidi. Mfupa usioiva vizuri tanuruni hutoa maji ya njano yenye harufu, uyakatae. Klorini itie baada ya chujio, si kabla, kwani mkaa unaila. Chujio likishiba halikuambii kitu, ni lazima upime tena. Nami nakuomba sana, nawaomba wazazi wote wa huku: mchanganyiko huo uwe wa kunywa na kupikia, hasa uji wa mtoto. Kufulia, tumia kisima. Na ule magadi wa kulainishia makande punguza, una floraidi yake pia.

Maabara ukifika usiseme tu "nipimieni maji," watakutafutia wadudu wakurudishe nyumbani ukishangilia kama mimi. Taja floraidi kwa jina. Na sampuli upeleke kwenye chupa ya plastiki, si ya kioo.